Amerudi nani? Kulinganisha njia za kupeleka mazungumzo ya filamu kwenye Kiingereza bila kumbunia mtu jinsia

Mfasiri anayepokea muswada wa filamu ulioandikwa kwa Kiswahili hukutana na tatizo hili kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Mhusika mmoja anauliza, "Amerudi?", na mwenzake anajibu, "Bado." Hakuna aliyesema kama anayesubiriwa ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu kiambishi a- hakibebi habari hiyo, wala -m- iliyomo katika "nimemwona", wala -ake ya "simu yake", wala neno "yeye" lenyewe. Kiingereza cha kawaida kinadai "he" au "she", na mfasiri aliyechoka huandika "he" akaendelea na kazi, bila kutambua kwamba ametunga kitu ambacho mwandishi hakukitunga.

Nimelifanya kosa hilo mwenyewe. Katika filamu fupi niliyoifasiri miaka ya mwanzo wa kazi yangu palikuwa na jirani ambaye anasikika tu ng'ambo ya ukuta, akiulizia maji, akiulizia kelele, akiulizia nani amekuja. Nikamwandikia "he" kutoka mwanzo hadi mwisho. Muswada ulipelekwa kuombewa fedha, na maoni yaliporudi, msomaji alikuwa ameandika aya nzima juu ya mwanamume anayewatishia wanawake wa nyumba ile. Mwongozaji alishangaa, kwa maana jirani aliyekuwa kichwani mwake ni bibi mpweke anayetafuta mtu wa kuzungumza naye. Hadithi ilikuwa imegeuzwa na neno la herufi mbili.

Makala hii inalinganisha njia nne ambazo mfasiri anaweza kuchagua: kutumia "they" kwa mtu mmoja, kurudia nomino, kuipanga upya sentensi ili isihitaji kiwakilishi, na kuzichanganya hizo tatu. Kipimo changu katika ulinganisho huu ni kimoja. Mtu anayesema "amerudi" hajaficha chochote. Lugha yake haikumuuliza. Anayesema sentensi hiyo kwa Kiingereza akaikwepa jinsia huonekana amechagua kuikwepa, na mtazamaji humtazama kwa jicho jingine. Kwa hiyo kila njia naipima kwa kuuliza: baada ya tafsiri, ni nani katika onyesho hili anaonekana anaficha jambo, na je, ndiye yule ambaye mwandishi alitaka aonekane hivyo?

Kwanza, hakikisha kwamba jinsia kweli haikutajwa

Kabla ya kuchagua njia yoyote inafaa kuusoma muswada wote na kuandika, kwa kila mtu anayezungumziwa, ushahidi wa jinsia yake na ukurasa ulipo. Ni rahisi kudhani kwamba Kiswahili hakitaji jinsia kabisa, ilhali kinaitaja mahali ambapo Kiingereza hakiitaji. Mtu akisema "ameoa", tunamzungumzia mwanamume. Akisema "ameolewa", tunamzungumzia mwanamke. Kiingereza kina "married" tu kwa wote wawili. Mtu akisema "wifi yangu", tumekwisha kujua kwamba anayesema ni mwanamke na anayetajwa ni mwanamke pia, ilhali "sister-in-law" inatuambia habari za anayetajwa peke yake. "Mtanashati" huelekea kwa mwanamume na "mrembo" kwa mwanamke, lakini "mzuri" haielekei popote. Mavazi nayo ni ushahidi, ingawa wa nguvu ndogo zaidi: baibui inasema mengi, kanga iliyojifungwa na mtu anayeamka alfajiri haisemi mengi hivyo, maana hata wanaume hujifunga kanga wakiwa ndani.

Ukimaliza, watu wasiojulikana jinsia watagawanyika makundi mawili, na tofauti yao ni kubwa. Wapo ambao mwandishi anaijua jinsia yao na ameiacha isijulikane kwa makusudi, na wapo ambao mwandishi hakuwahi hata kuwafikiria. Dereva wa daladala anayetajwa mara moja ni wa kundi la pili; kwa huyo muulize mwandishi, atakujibu kwa neno moja, nawe utaandika "he" au "she" bila kubuni chochote. Asipojali, mwache awe "the driver", na mtu wa kuchagua waigizaji atabaki na uhuru wake. Kazi ngumu iko kwenye kundi la kwanza, na ndilo ninaloshughulikia hapa.

Onyesho la kulinganishia

Nimeandika onyesho fupi kwa ajili ya makala hii. Tuko Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya kupangisha ambayo ndugu wawili wameirithi. Mpangaji wa chumba cha uani ametoweka siku tatu. Mtazamaji atajua kwamba ni mwanamke katika ukurasa wa 41 tu, jirani mmoja atakapoponyokwa na neno, na filamu imejengwa juu ya kutojua huko.

```
MWANAIDI
Amerudi?

SALUM
Bado. Simu yake haipatikani.

MWANAIDI
Kodi alilipa?

SALUM
Alilipa. Miezi mitatu. Akaniambia
nisimwulize anakokwenda.

MWANAIDI
Na wewe ukamwacha.

SALUM
Dada, yule ni mtu mzima. Ningemshika?
```

Mpangaji ametajwa kwa viambishi mara tisa katika mistari hii michache, na mara zote tisa mazungumzo yameteleza bila kikwazo. Tafsiri ya mfasiri aliyechoka ni hii:

```
MWANAIDI
Is he back?

SALUM
Not yet. His phone's off.

MWANAIDI
Did he pay the rent?

SALUM
He did. Three months. Told me not to
ask where he was going.

MWANAIDI
And you let him go.

SALUM
Sister, he's a grown man. Was I
supposed to grab him?
```

Inasomeka vizuri, na huo ndio ubaya wake, kwa sababu hakuna atakayeishuku. Viwakilishi vinane vyote vimebuniwa. La kuangalia zaidi ni neno la tisa, "man". "Mtu mzima" huvuta "grown man" au "grown woman" moja kwa moja, na mfasiri anayelinda viwakilishi vyote kwa uangalifu anaweza kabisa kulipitisha hili bila kuliona. Tafsiri hii inaliua onyesho la ukurasa wa 41, tena haiwi kosa la tafsiri tu: msomaji atafika pale, atakutana na mwanamke, na atadhani mwandishi amejichanganya.

"They" kwa mtu mmoja

Wanaoipinga njia hii kwa madai kwamba si Kiingereza sahihi hawana hoja. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford inaonyesha matumizi hayo tangu mwaka 1375, na mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, uliotoka mwaka 2019, toleo lake la 7, unayakubali waziwazi. Kasoro zake katika muswada wa filamu ni nyingine.

Tuiweke katika onyesho letu. Mwanaidi anauliza:

```
Are they back?
```

Mtazamaji wa Kiingereza, ambaye hajamwona mpangaji wala kusikia habari zake, anasikia kwamba watu kadhaa wametoweka. Sentensi inayofuata, "Their phone's off", inamthibitishia kwamba ni familia au mume na mke wenye simu moja. Hapa pana hasara ambayo wengi hawaihesabu. Kiswahili hakisemi jinsia, lakini idadi huisema bila utata: "amerudi" ni mmoja, "wamerudi" ni wengi, na hakuna msikilizaji anayevichanganya. Kwa kutumia "they" tumelinda jambo ambalo Kiswahili kilinyamaza nalo, tukalitoa sadaka jambo ambalo Kiswahili kililitamka. Katika filamu ya kutoweka kwa mtu, kujua kama ametoweka mmoja au wawili si habari ndogo.

Hasara ya pili inahusu uhusiano wa wazungumzaji na anayezungumzwa. Mwanaidi na Salum wanamjua mpangaji wao; wamemwona akichota maji kila asubuhi. Katika Kiingereza, mtu anayemtaja kwa "they" mtu anayemfahamu vizuri hueleweka kwa namna mbili: ama mtu huyo mwenyewe ameomba atajwe hivyo, kwa kuwa hajihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke, ama anayesema anaficha jinsia yake kwa sababu fulani. Zote mbili ni hadithi mpya. Ya kwanza ni kubuni jinsia kama ilivyo "he", ila kwa upande mwingine. Ya pili inamfanya Salum aonekane ana siri, na pengine yeye ndiye aliyemficha mpangaji.

Hata hivyo ipo hali ambayo "they" inazishinda njia nyingine zote, nayo ni pale wazungumzaji wenyewe hawamjui mtu huyo. Mlango unagongwa usiku, Salum anasema, "Kuna mtu. Anataka nini saa hizi?" Hapo Kiingereza cha mitaani kinasema hivi, na hakuna atakayehisi chochote:

```
There's someone at the door. What do
they want at this hour?
```

Neno "someone" limekwisha kusema kwamba ni mmoja na kwamba hajulikani, kwa hiyo "they" inayolifuata haina utata. Siri ni hiyo: "they" inahitaji nanga, na nanga yake ni nomino isiyo mahususi iliyotangulia karibu, kama "someone", "whoever" au "anyone". Ukiwa nayo, tumia bila hofu. Ukiwa huna, usianze nayo sentensi ya kwanza ya onyesho. Msaada mwingine mdogo ni wakati wa kitenzi: "they left" haionyeshi wingi kama inavyouonyesha "they are leaving", kwa hiyo wakati uliopita hupunguza utata, ingawa hauumalizi.

Kurudia nomino

Njia ya pili ni kumwita mtu kwa cheo au nafasi yake: "the tenant", "the doctor", "the kid". Faida yake ni kwamba inatunza idadi na haimfanyi msemaji aonekane mwenye siri, mara ya kwanza. Mara ya pili inaanza kuchosha, na mara ya tatu Mwanaidi na Salum hawazungumzi tena kama ndugu wanaokaa kibarazani:

```
Not yet. The tenant's phone is off.

Did the tenant pay the rent?
```

Hii ni sauti ya taarifa ya polisi. Mzungumzaji wa Kiingereza akishamtaja mtu kwa nomino, sentensi inayofuata hutarajia kiwakilishi. Asipokitumia, msikilizaji hudhani labda ametajwa mpangaji mwingine. Kwa uzoefu wangu, nomino moja huweza kubeba mistari mitatu au minne ya mazungumzo ikiwa mistari hiyo imepangwa vizuri, na ni heri kuirudia pale tu mada inapokatika kisha ikarejewa.

Nomino zenyewe nazo zina mitego. "Mwenye nyumba" akigeuzwa "landlord" huchukuliwa kuwa mwanamume, maana lipo "landlady". "The owner" ni salama zaidi. "Mdogo wangu" ni mtego mkubwa kuliko yote, kwa kuwa Kiswahili kinataja umri na kuacha jinsia, na Kiingereza cha nyumbani kinataka "brother" au "sister". Lipo neno "sibling", lakini hakuna mtu anayeingia ndani akauliza "Where's my sibling?" isipokuwa anajaza fomu. Mimi hutumia "the youngest" au "the little one" ikiwa umri unaruhusu, maana maneno hayo, kama Kiswahili, yanashika umri. Na "mchumba" lina ajabu yake: "fiancé" na "fiancée" hutamkwa sawasawa, hata mwigizaji hatafichua kitu, lakini kwenye karatasi herufi moja ya ziada humwambia msomaji kila kitu. Kwa kuwa muswada husomwa muda mrefu kabla haujachezwa, ninageuza "Nina mchumba" kuwa "I'm engaged", na swali la mzazi, "Anafanya kazi gani?", linakuwa "And what's the job?"

Kuipanga upya sentensi

Njia ya tatu huitoa nafasi ya kiwakilishi katika sentensi. Kiingereza cha kuzungumza kinaruhusu kuacha kiima mwanzoni mwa sentensi zaidi kuliko vitabu vya shule vinavyokiri. Watu husema "Back yet?" na "Still asleep" na "Left at five", na hakuna anayehisi pengo. Inaruhusiwa pia kuifanya kodi, simu au safari iwe kiima badala ya mtu, au kugeuza kauli ili mtendaji asitajwe. Onyesho letu likipitishwa kwenye njia hii peke yake linatoka hivi:

```
MWANAIDI
Back yet?

SALUM
No. Phone's off.

MWANAIDI
And the rent?

SALUM
Paid. Three months. Said not to ask
where to.

MWANAIDI
And you allowed it.

SALUM
Sister. An adult. What was I to do,
bar the door?
```

Kila mstari peke yake ni Kiingereza kizuri. Mistari yote kwa pamoja inafanana na simu za maandishi za zamani zilizolipiwa kwa neno. Mwanaidi na Salum wamekuwa watu wa aina moja, wakali na wa maneno machache, wakati katika Kiswahili Salum anajieleza na kujitetea. Ukikata kiima mara mbili mfululizo ni sawa. Mara sita, mtazamaji anaanza kusikia shimo lililo katikati, kisha anajiuliza kwa nini hawa watu hawamtaji yule mtu. Tunarudi kwenye kasoro ileile ya "they": wazungumzaji wanaonekana wana siri ambayo hawakuwa nayo.

Kuna pia mabadiliko ya maana ambayo mfasiri anapaswa kuyakiri. "Ningemshika?" ina mkono ndani yake, Salum anajiuliza kama alitakiwa amshike kwa nguvu. Nilipoandika "bar the door" nimeuhamisha mkono kutoka kwa mtu kwenda mlangoni. Katika onyesho hili naona ni bei inayolipika, kwa sababu ukali wa swali umebaki. Lakini kama baadaye filamu ingeonyesha kwamba Salum kweli alimshika mpangaji mkono usiku ule, nisingekubali kuupoteza mshiko huo. Ningetafuta sentensi nyingine hata kama ni ndefu.

Mahali ambapo njia hii inashindwa kabisa ni katika usemi mrefu wa mtu mmoja. Bibi akisimulia ukurasa mzima habari za mtu aliyeishi naye, huwezi kumkatia kiima sentensi thelathini.

Kuzichanganya, na kwa nini mimi huishia hapa

Katika kazi halisi ninaanza na nomino moja ili kumsimamisha mtu mmoja mbele ya msikilizaji, kisha naiegemezea mistari inayofuata kwa kuipanga upya, huku nikihakikisha kwamba baadhi ya mistari ina sentensi kamili:

```
MWANAIDI
Is the tenant back?

SALUM
Not yet. Phone's off.

MWANAIDI
And the rent?

SALUM
Paid. Three months. And I was told
not to ask where to.

MWANAIDI
And you allowed it.

SALUM
Sister, we're talking about an adult.
What was I to do, bar the door?
```

"The tenant" imeshika idadi na uhusiano kwa pamoja: ni mmoja, na ni wa nyumba yao. "I was told" ni sentensi kamili yenye kiima chake, nayo inafanya kazi ambayo haikutarajiwa, kwani Salum sasa anaongea habari zake mwenyewe, alichoambiwa yeye, na hilo linalingana na kujitetea kwake. "We're talking about an adult" imechukua nafasi ya "grown man" bila kuvuta macho. Hakuna kiwakilishi cha mpangaji hata kimoja, lakini ukimsomea mtu kwa sauti hatasema kwamba kuna kitu kimefichwa.

Kwa ule usemi mrefu wa bibi, mchanganyiko unabadilika: hapo "they" inarudi, ikiwa na nanga. Sentensi ya kwanza inaweza kuwa "Whoever sleeps in that room, they don't sleep", na kuanzia hapo "they" chache zilizotawanywa miongoni mwa sentensi zilizopangwa upya zitapita salama, kwa sababu bibi amejiweka katika nafasi ya mtu asiyemjua vizuri anayemzungumzia. Ikiwa bibi anamjua vizuri, nanga hiyo ni uongo, na hapo sina budi kumwendea mwandishi. Mara mbili nimemwomba mwandishi aipunguze hotuba, na mara zote mbili alikubali alipoona Kiingereza chake. Ipo mipaka ambayo mfasiri hawezi kuivuka peke yake, na ni afadhali kuisema mapema kuliko kuificha ndani ya sentensi zilizopinda.

Wapo wanaoshauri jambo jingine: weka "he", kisha ueleze katika barua ya mfasiri kwamba Kiswahili hakitaji jinsia. Sikubaliani nao. Barua hutenganishwa na muswada kesho yake, na anayesoma ukurasa wa 12 haikumbuki. Barua inafaa kwa kazi moja, kumwambia mwongozaji na mtu wa kuchagua waigizaji kwamba ukosefu wa viwakilishi ni wa makusudi hadi ukurasa wa 41, ili mhariri wa lugha asije "akausahihisha". Nayo isiwe ndani ya muswada, maana msomaji wa kawaida ataipata siri kabla ya hadithi.

Mistari ya maelezo ni rahisi zaidi, na ndiyo husahauliwa

Mfasiri akishalinda mazungumzo hulegea kwenye maelezo ya vitendo, ambako Kiswahili kinasema "Mtu anasimama getini. Anaweka begi chini. Anasikiliza." Hapa Kiingereza cha muswada kinatusaidia, kwa kuwa desturi yake inakubali maelezo mafupi ya wakati uliopo yasiyo na kiima:

```
A FIGURE at the gate. Sets down the
bag. Listens.
```

Hakuna msomaji wa miswada atakayeshangaa, kwa maana ndivyo maelezo mengi yanavyoandikwa. Kumbuka tu kwamba maelezo yana mwisho wake wa asili: kamera ikishamwonyesha mtu usoni, mwili wa mwigizaji umejibu swali, na kuendelea kulikwepa ni kumsumbua msomaji bila faida.

Namna ya kujua kama umefaulu

Ukaguzi wa kwanza ni wa mashine. Kama muswada uko katika faili la maandishi la aina ya Fountain, amri hii inaorodhesha kila mstari wenye kiwakilishi cha jinsia pamoja na namba yake:

```
grep -nwiE "he|she|him|her|his|hers|himself|herself" muswada.fountain
```

Rudia amri hiyo kwa "man", "woman", "guy", "lady", "boy" na "girl", kisha kwa sifa kama "handsome" na "pretty", ambazo huingia kimyakimya mahali pa "mzuri". Mistari mingi itakuwa halali, kwa kuwa inahusu wahusika wanaojulikana. Unatafuta ile inayomgusa mtu wako.

Ukaguzi wa pili hauwezi kufanywa na mashine. Mpe onyesho mtu anayesoma Kiingereza na ambaye hajauona muswada wa Kiswahili, umwache asome mara moja, kisha umwulize maswali matatu kwa mpangilio huu: ni watu wangapi wanaozungumziwa, ni nani kati ya wazungumzaji anaficha jambo, na anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke. Swali la jinsia liwe la mwisho, kwa sababu ukilianza nalo umemfunulia unachokitafuta. Akisema ni watu wawili, "they" yako haina nanga. Akisema Salum anaficha kitu, umekata viima kupita kiasi. Akitaja jinsia, mwulize neno gani limemwambia. Mara nyingi atalionyesha kwa kidole. Akijibu kwamba amehisi tu, basi ana dhana yake, kama aliyonayo mtazamaji wa Kiswahili akisikia "amerudi", na dhana hiyo ni haki yake.

Kisha kuna ukurasa wa 41. Jirani anasema, "Aliolewa Pangani, akaachika, akarudi kwao." Katika Kiswahili siri yote imetoka ndani ya silabi za "-olewa", bila sauti kupandishwa, na mtazamaji makini anageuka kumwangalia mwenzake. Ukiendelea kwa mazoea ya kurasa arobaini zilizopita utaandika "Got married in Pangani", nawe utakuwa umeifunika habari ambayo mara hii Kiswahili kimeitoa. Hapa "she" ya mpangaji inaingia kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze, nami huiweka mwanzoni kabisa mwa sentensi, isitanguliwe na neno lolote:

```
NEIGHBOUR
She was married in Pangani. Divorced.
Went back to her people.
```